Mrabaha wa vitalu vinane: leseni ya Australia ilivyosomwa barazani Tanga

Mjomba wangu amechimba dhahabu Handeni tangu mimi niko shule ya msingi. Ukimpa jiwe analilamba, analigeuza juani, kisha anakuambia kama ni mbale wa kupeleka karashani au ni wa kutupa. Karatasi ndiyo inayomshinda. Ndiyo maana alifika kwangu Ngamiani asubuhi moja na bahasha ya kaki kwapani, akakaa barazani, akamaliza vikombe viwili vya kahawa kabla ya kusema kilichomleta.

"Mpwa wangu, hawa watu wanataka kunilipa kwa mrabaha. Sasa mrabaha si sisi ndio tunaulipa serikalini? Mimi leo nimekuwa serikali?"

Hawa watu ni kampuni ndogo ya utafutaji kutoka Perth, upande wa magharibi wa Australia. Kwa miaka miwili mjomba aliwatembeza kwenye maduara ya zamani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akawatafutia vibarua, akalisha kambi kwa fedha zake. Deni likakua. Badala ya kulipa fedha, wamekuja na pendekezo: deni lifutwe, naye apewe mrabaha wa asilimia 1.5 kwenye leseni yao ya utafutaji wa dhahabu iliyoko huko kwao, jirani na Kalgoorlie. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za aina tatu. Ya kwanza nakala ya leseni, ya pili barua yenye mpango wa kazi, ya tatu mkataba wa mrabaha wa kurasa sita. Mkataba walikuwa wamemtafsiria kwa Kiswahili, jambo ambalo nawasifu, ingawa tafsiri hiyo nayo ilikuwa na mambo yake.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, nyingi za mizigo ya bandarini, lakini mikataba ya madini nimeishika mingi. Nilimwomba mjomba aniachie bahasha siku mbili. Ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza aliporudi, kwa sababu najua yuko mchimbaji mwingine atakayeletewa karatasi kama hizi, na ukizisoma moja moja kila moja inapendeza. Kasoro inaonekana ukiziweka zote tatu mkekani pamoja.

Kwanza, leseni yenyewe. Australia madini ya nchi kavu husimamiwa na serikali ya jimbo, na leseni hii imetolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1978 ya jimbo la Australia Magharibi. Eneo halipimwi kwa hekta kama leseni zetu ndogo. Limekatwa vitalu, na kila kitalu kina upana wa dakika moja ya latitudo kwa dakika moja ya longitudo. Kwa maeneo ya Kalgoorlie hiyo ni karibu kilomita za mraba 3. Vitalu vinaitwa kwa herufi, kuanzia a hadi z, wakiiruka i, na kila kundi la vitalu 25 lina namba yake. Mjomba alidhani zile herufi ni majina ya maduara. Leseni hii ina vitalu 20, yaani karibu kilomita za mraba 60. PML yake yeye, leseni ya mchimbaji mdogo, haizidi hekta 10, hivyo ndani ya leseni ile zingeingia PML kama 600. Aliposikia hivyo akanyoosha mgongo. Asilimia 1.5 ya kitu kikubwa namna hiyo si haba!

Leseni kama hiyo hutolewa kwa miaka 5. Hii iko katika mwaka wake wa nne. Shika jambo hilo la mwaka wa nne, maana ndilo lililokuja kutufungua macho.

Neno "itachoronga"

Barua ya mpango wa kazi ilikuwa ndiyo tamu kuliko zote. Katika tafsiri ya Kiswahili iliandikwa hivi: kampuni itachoronga mita 4,000, itachukua sampuli za udongo eneo lote, itapima usumaku wa miamba kwa ndege. Kuchoronga ni kutoboa mwamba kwa mashine ili kutoa sampuli. Mjomba aliisoma barua hiyo kama ahadi. Akawaza, wakichoronga mita 4,000 watapata tu kitu, na wakipata, mrabaha wangu huo.

Nilipoitazama asili yake ya Kiingereza, nikakuta vitenzi viwili tofauti ambavyo tafsiri imevivika kanzu moja ya "ita". Pale penye mita 4,000, Kiingereza kinasema kampuni inakusudia. Pale penye matumizi ya fedha, kinasema inalazimika. Kiswahili chetu kikisema "itachoronga" hakikuambii kama huyo mtu amejifunga au anawaza kwa sauti. Ukitafsiriwa karatasi ya namna hii, kila unapokuta "ita" uliza: asipofanya, sheria inamfanya nini? Kama hakuna jibu, hiyo ni nia.

Na kwa mpango wa kazi wa Australia Magharibi jibu liko wazi. Anayeomba leseni ya utafutaji hutakiwa kuambatanisha maelezo: atatafuta kwa njia gani, programu ya kazi ni ipi, anatarajia kutumia fedha kiasi gani, na ana utaalamu na uwezo gani wa kifedha. Maelezo hayo humsaidia anayetoa leseni kuamua. Yakishapita, hakuna anayekuja kuhesabu mita. Mtafiti akichoronga mita 300 akaona miamba haina kitu, anaruhusiwa kubadili mawazo, na kusema kweli ndivyo utafutaji unavyopaswa kuwa. Kuchoronga mita 4,000 kwenye jiwe tupu ili kutimiza barua ni upuuzi.

Kinachomfunga ni fedha. Kila mwaka mwenye leseni analazimika kutumia kiwango cha chini juu ya eneo lile. Kwa leseni ya vitalu 20, miaka mitatu ya kwanza ni dola za Australia 1,000 kwa kila kitalu, yaani 20,000 kwa mwaka. Mwaka wa nne na wa tano inakuwa 1,500 kwa kitalu, yaani 30,000. Mwaka ukiisha ana siku 60 za kuwasilisha ripoti ya matumizi, inayoitwa Fomu 5. Asipotimiza, anaweza kuomba msamaha wa mwaka huo kwa sababu zinazotambuliwa na sheria, kwa mfano kwamba anahitaji muda wa kuchambua matokeo aliyokwisha kuyapata. Msamaha ukikosekana, mtu yeyote wa nje anaweza kwenda kwa hakimu wa madini kudai leseni ifutwe, na akishinda hupata nafasi ya kwanza ya kuomba eneo hilo. Wako watu huko wanaishi kwa kuvizia leseni za wenzao namna hiyo. Mara nyingine mwenye leseni hutozwa faini badala ya kunyang'anywa.

Sasa linganisha. Barua inazungumza mita 4,000, na sheria inadai dola 30,000. Kuchoronga kwa mashine za kisasa, kupeleka sampuli maabara na kulipa wataalamu, dola 30,000 haifiki mbali. Kwa hiyo kampuni inaweza kutimiza sheria kikamilifu kwa kuchoronga sehemu ndogo tu ya kile ilichokiandika, na wala haijamdanganya mtu.

Kuna karatasi nyingine, ambayo haikuwemo bahashani, yenye jina linalofanana, ambayo huwachanganya hata wanaojua. Kabla ya kuingiza mashine ya kuchimbua ardhi, mwenye leseni lazima apeleke programu ya kazi nyingine, inayoonyesha mashimo yatakuwa wapi na ardhi itarudishwaje, na aipate imeidhinishwa. Hicho ni kibali cha kugusa ardhi. Kinamruhusu na hakimlazimishi. Ukionyeshwa kibali kama hicho ukaambiwa "serikali imeshapitisha kazi yetu", elewa kwamba wameruhusiwa kuanza, basi.

Nani anakata mfuko wa kwanza

Sasa mrabaha. Hapa mjomba alikuwa mbele yangu bila kujua, maana duarani mambo haya yapo kila siku. Mifuko ikitoka, mwenye eneo anachukua mgawo wake palepale, kabla hujahesabu dizeli, magogo, chakula wala deni la dukani. Mwenye duara ndiye anayebaki na gharama. Mrabaha ni mgawo wa mwenye eneo: unakatwa juu, haujali kama kazi imelipa au imekula hasara. Mgawo wa faida ni ule wa mwenye duara, unakuja mwisho, na mara nyingi haufiki.

Serikali ya Australia Magharibi hukata mrabaha wake wa dhahabu kwa asilimia 2.5. Aunsi 2,500 za kwanza za mwaka katika mradi mmoja husamehewa. Aunsi hizo ni karibu kilo 78. Mjomba, ambaye hapa kwetu akifika soko la madini anakatwa asilimia 6 ya mrabaha na 1 ya ukaguzi hata kama amebeba gramu nne, alicheka mpaka akapaliwa. "Kilo sabini na nane ndiyo wanaita ndogo?"

Lakini huo ni mrabaha wa serikali, na asilimia 1.5 ya mjomba ni kitu kingine kabisa kilichochukua jina lilelile. Ni mrabaha wa kimkataba: mtu binafsi anamwahidi mtu binafsi. Haukatwi ndani ya ule wa serikali, unakuja juu yake, na serikali haina habari nao. Kwa hiyo jibu la swali lake ni hapana, hakuwa serikali. Amekuwa mdai ambaye deni lake limegeuzwa kuwa mgawo.

Na mgawo wa nini? Mkataba wake ulisema asilimia 1.5 ya mapato halisi ya kinu. Maana yake ni bei ya dhahabu iliyouzwa, ukitoa tu gharama za kuisafisha, kuisafirisha na bima ya njiani. Hii ni lugha nzuri. Chukua mfano: mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 1, na gharama hizo za kusafisha na kusafirisha ni 20,000. Inabaki 980,000, na asilimia 1.5 yake ni dola 14,700. Mkataba huo huo ungesema "faida halisi", wangetoa pia mishahara, mafuta, umeme, riba ya mikopo na ofisi ya Perth. Kama gharama zote zimefika 900,000, inabaki 100,000, na chake ni 1,500. Tofauti ya neno moja imekula sehemu tisa kati ya kumi. Kwenye hili kampuni ilimtendea haki, nami nilimwambia hivyo waziwazi.

Tatizo ni kwamba mrabaha huo umelala, na leseni ya utafutaji haina uwezo wa kuuamsha. Mwenye leseni ya utafutaji kule anaruhusiwa kutoa udongo na mawe yasiyozidi tani 1,000 kwa muda wote wa leseni, isipokuwa apate ruhusa ya zaidi. Tani 1,000 ni safari 100 za lori la tani kumi. Tuseme mwamba una gramu 3 kwa tani na hakuna hata chembe iliyopotea: ni kilo 3 za dhahabu. Asilimia 1.5 ya kilo 3 ni gramu 45, kabla ya kutoa gharama yoyote. Na hiyo ni kama wangeutoa mzigo wote na kuuza, kitu ambacho mtafutaji hakifanyi, kwa kuwa yeye anatafuta sampuli, si mzigo.

Mgodi wenyewe huja chini ya leseni nyingine, ya uchimbaji, ambayo hutolewa kwa miaka 21. Leseni ya utafutaji ina namba inayoanza na herufi E, ya uchimbaji inaanza na M. Ni hati mpya, namba mpya. Mkataba wa mjomba ulitaja namba ya E peke yake. Maana yake siku kampuni inapogeuza kitalu chenye dhahabu kuwa leseni ya uchimbaji, siku hiyo hiyo ambayo mrabaha ulipaswa kuamka, mwanasheria wa upande wa pili anaweza kusimama na kusema: mrabaha wako ulikuwa juu ya E, na hapa tunachimba juu ya M. Mistari miwili ingeziba tundu hilo, kwamba mrabaha unafuata ardhi hiyo na leseni yoyote itakayochukua nafasi ya ile ya kwanza. Haikuwepo.

Tundu la pili ni la mauzo. Kampuni ndogo za utafutaji huuza leseni kama watu wanavyouza viwanja. Mnunuzi hakusaini chochote na mjomba. Huko watu wenye mrabaha wa kimkataba hujilinda kwa njia mbili. Wanamfunga muuzaji asiuze mpaka mnunuzi asaini hati ya kukubali mrabaha, na wanaweka zuio kwenye daftari la leseni, ili uhamisho usipite kimyakimya. Mkataba wa kurasa sita haukugusa hata moja.

Jedwali la mwisho

Nilikuwa nimeridhika na hayo. Nilishaandika maswali mawili ya kupeleka kwa kampuni, nikaenda kulala. Usiku nikakumbuka kwamba sijasoma jedwali la ukurasa wa sita. Watafsiri tuna ugonjwa huo: jedwali lina namba na herufi, halina cha kutafsiri, unalipita.

Lakini kwanza nieleze kuachia eneo, maana bila hilo jedwali halikuambii kitu.

Nchi nyingi hazitaki mtu akalie ardhi kubwa milele kwa kisingizio kwamba anatafuta. Kwa hiyo humlazimisha arudishe sehemu yake baada ya muda. Sheria ya Australia Magharibi inatumia neno la kusalimisha, lilelile la askari anayesalimisha bunduki, na nadhani linafaa kuliko "kuachia", maana halina hiari ndani yake. Kwa leseni yenye zaidi ya vitalu 10, mwisho wa mwaka wa sita mwenye leseni lazima asalimishe asilimia 40 ya vitalu. Vilivyosalimishwa vinarudi wazi kwa waombaji wengine, na yeye mwenyewe hawezi kuviomba tena ndani ya miezi 3. Miaka mitano ya kwanza ya leseni ikiisha anaweza kuomba kuongezewa muda, miaka 5 mara moja, kisha miwili miwili, kama sababu zinakubalika.

Vitalu vipi virudi? Anachagua yeye. Na hapo ndipo sheria inapokuwa na akili: inamlazimisha kuchoronga mapema ili ajue kipi akitupe. Mtafutaji makini akifika mwaka wa nne tayari ana ramani kichwani. Huku ndiko kwa kubaki, huku ndiko kwa kuachia. Kuna na sababu ya mfukoni. Kuanzia mwaka wa sita kiwango cha chini cha matumizi kinapanda tena, dola 2,000 kwa kitalu, na kwa leseni ya ukubwa huu hakishuki chini ya 50,000 kwa mwaka. Ukibaki na vitalu 12, hesabu ya kitalu kwa kitalu ingekupa 24,000, lakini utadaiwa 50,000. Eneo limepungua na deni la kazi limeongezeka. Hakuna atakayebakiza kitalu kwa ajili ya huruma.

Asilimia 40 ya vitalu 20 ni vitalu 8.

Nikafungua ukurasa wa sita. Mkataba ulisema mrabaha unahusu "vitalu vilivyoorodheshwa katika Jedwali". Nikahesabu herufi kwa kidole. Zilikuwa nane.

Nilikaa kitandani na simu. Leseni za jimbo lile ziko wazi kwa yeyote: daftari lao linasomeka kwenye Mineral Titles Online, na ramani kwenye TENGRAPH. Ukiandika namba ya leseni unaona vitalu vyake, tarehe iliyotolewa, matumizi yaliyoripotiwa kila mwaka, misamaha iliyoombwa, na mazuio kama yapo. Vitalu vinane vya mjomba vilikuwa upande wa kusini, vimeshikamana kama mkia. Kisha nikachukua barua ya mpango wa kazi na ile ramani ndogo iliyoambatanishwa, ambayo mchana niliitazama kama pambo. Alama zote za kuchoronga, zilizokwisha fanyika na zilizopangwa, zilikuwa kaskazini mashariki, ndani ya vitalu sita hivi. Kusini palikuwa na mistari ya sampuli za udongo ya mwaka wa kwanza, na baada ya hapo hakuna alama hata moja.

Hivyo ndivyo unavyotambua kitalu kinachosubiri kusalimishwa. Hakitangazwi popote. Unatazama fedha zimekwenda wapi mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Ardhi ambayo haikuongezewa senti baada ya sampuli za kwanza imeshahukumiwa, na mwenye leseni anangoja tarehe tu. Ripoti za utafutaji zenyewe zingetueleza zaidi, lakini kule hubaki siri kwa miaka 5, au mpaka eneo husika lisalimishwe, ndipo zinafunguliwa kwa umma. Mjomba angekuja kusoma kwa nini vitalu vyake havikufaa baada ya kuvipoteza.

Asubuhi nilimchorea kwa mkaa sakafuni. Mraba mkubwa wa vitalu ishirini, mkia wa vinane, na vidoti vya kuchoronga kule juu. Sikumwambia chochote kwanza. Aliangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye mkia.

"Hapa hawakuchoronga."

"Hawakuchoronga, mjomba."

"Na mwaka wa sita wanarudisha vinane."

"Wanarudisha vinane."

Akasema neno la Kizigua ambalo sitaliandika.

Je, walikusudia? Sijui kuhukumu nia, na nimeona makarani wakinakili jedwali lisilo lake. Lakini hata kama ni bahati mbaya, matokeo yangekuwa yale yale. Mrabaha unaning'inia kwenye ardhi, hauning'inii kwenye kampuni. Kitalu kikisalimishwa, hakuna atakayekuwa na wajibu wa kumlipa mjomba, na hata akija mtu mwingine akakiomba na kupata dhahabu, huyo mgeni hana mkataba naye. Mkataba wenyewe ulikuwa na sentensi ya kukazia hilo: kampuni inaweza kusalimisha sehemu yoyote ya leseni wakati wowote, na mrabaha wa sehemu hiyo utakoma bila fidia. Sentensi hiyo ni ya kawaida katika mikataba ya namna hii, na mimi binafsi sioni ubaya wake. Huwezi kumfunga mtu ashikilie ardhi anayolazimishwa na sheria kuirudisha. Inageuka sumu pale tu mrabaha unapokuwa juu ya mkia peke yake.

Tuliandika barua moja, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mjomba aliomba mambo manne. Mrabaha uwe juu ya vitalu vyote 20, ili vikisalimishwa vinane bado awe na haki juu ya vile 12 vitakavyobaki. Ufuate leseni yoyote itakayochukua nafasi ya hii, hasa ya uchimbaji. Kampuni imruhusu kuweka zuio kwenye daftari, na isiuze bila mnunuzi kusaini. Na kabla ya kusalimisha kitalu chochote, imjulishe siku 60 mapema kwa maandishi. Nilitaka kuongeza kwamba ile mita 4,000 iwe sharti, mjomba akakataa. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kukubali mtu ampangie achimbe duara futi ngapi, atamwombaje mwenzake?

Mwisho aliongeza mstari wake mwenyewe, nami niliutafsiri kama ulivyo: kama mambo hayo manne ni mazito, fedha taslimu zinatosha.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Watalipa fedha, kwa awamu tatu. Mrabaha haukutajwa tena, wala jedwali. Awamu ya kwanza ameipokea. Ya pili ilikuwa iingie wiki iliyopita, na jana jioni alinipigia kuniuliza kama zile tovuti za Australia zinaonyesha pia kampuni ina kiasi gani benki.

Nilimwambia hazionyeshi, ila daftari litaonyesha kama leseni imeuzwa. Basi nalifungua kila Ijumaa baada ya sala.